Skuta isiyo na gia hubadilishaje mwendo?

"Skuta yangu ya GY6 haina leva ya gia. Kwani ndani kuna gia ngapi zinazojibadilisha?"

Hakuna hata moja. Kuna puli mbili na mkanda. Puli ya mbele ina roli sita; injini ikizidi kuzunguka, roli hukimbilia nje na kusukuma ubavu mmoja wa puli, hivyo mkanda unapanda juu. Kwa kuwa mkanda haurefuki, nyuma unazama na kuitanua puli inayobanwa na springi. Uwiano unabadilika taratibu, bila ngazi. Gia zilizo kwenye oili karibu na tairi zipo, ila hazibadiliki.

— Kazi hiyo ni ya klachi, kaka.

Nusu yake. Klachi inaunganisha tu. Ukivuta mafuta, pedi zake hutanuka na kushika ngoma. Ukiachia, springi ndogo huzirudisha. Ndiyo maana inasimama ikiwa imewashwa bila kuzima.

— Yangu injini inalia, spidi haipandi.

Pima upana wa mkanda. Mpya ulioandikwa 743 20 30 una milimita 20. Ukifika 19, badilisha, kwa sababu unakaa chini mno kwenye puli ya mbele.

— Mkanda ni mpya.

Basi fungua uangalie roli. Zikiliwa upande mmoja hazibingiriki, zinakwama katikati ya njia. Ikiwa inalia wakati wa kuondoka tu, hasa mlimani, na unasikia harufu ya kuungua, shuku pedi za klachi. Na usipake grisi pale mkanda unapogusa puli.