Daikromati na chuma: atomi sawa, chaji kombo

"Atomi zote zimelingana, mbona mwalimu kanikosesha? Cr₂O₇²⁻ + Fe²⁺ + 14H⁺ → 2Cr³⁺ + Fe³⁺ + 7H₂O"

Hesabu chaji, mdogo wangu: kushoto +14, kulia +9. Tenganisha mlinganyo katika nusu mbili, ya daikromati na ya chuma. Kwenye daikromati, oksijeni 7 zinadai 7H₂O upande wa kulia, nazo zinadai 14H⁺ kushoto. Sasa kushoto ni +12, kulia +6, basi ongeza elektroni 6 kushoto:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6e⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O

Chuma ni rahisi: Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻. Hii inatoa elektroni moja tu, kwa hiyo izidishe yote kwa 6, ndipo ujumlishe. Elektroni zinafutana:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6Fe²⁺ → 2Cr³⁺ + 6Fe³⁺ + 7H₂O

Chaji ni +24 kila upande. Ukiona elektroni imebaki kwenye jibu, rudi kwenye kuzidisha.