Kabla mapenzi hayajafika kwenye stakabadhi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu mapenzi ya kazini huogopa macho ya wenzao: nani atawaona wakishuka kwenye teksi moja, nani atapeleka maneno kwa shefu. Mimi nilikuwa mhasibu katika ofisi ya usafirishaji hapa Lubumbashi, na mwanaume niliyempenda alishughulikia karatasi za forodha za malori yanayopita Kasumbalesa. Kwa niliyoyaona, maneno ya watu huchosha na kupita, lakini saini hubaki kwenye faili.

Yeye alichukua avansi ya safari, akarudi na stakabadhi za barabara, maegesho na chakula, na mimi ndiye niliyezihakiki kabla hesabu haijafungwa. Chukua mfano wa stakabadhi ya faranga 40,000 iliyopotea njiani, jambo la kawaida kabisa katika kazi hiyo. Nikiipitisha hesabu bila karatasi, mkaguzi atasema nimembeba mpenzi wangu. Nikiikataa, ugomvi utatufuata mpaka mezani kwenye bukari. Na siku tukiachana, hata kukataa kwa haki kutaitwa kisasi, wala sitakuwa na namna ya kuthibitisha vinginevyo. Ndiyo maana ninamshauri kila mtu atafute kwanza mahali ambapo kazi yake inakutana na ya mwenzake: nani anasaini likizo ya nani, nani anamlipa nani, nani anamtathmini nani. Msipokutana popote, hamlazimiki kumwambia mtu yeyote katika wiki za mwanzo, maana uhusiano wenyewe huenda usifike mwisho wa mwezi. Mkikutana kwenye fedha au cheo, jambo hilo lisingoje.

Nilikwenda kwa mkuu wetu wa utawala, mama wa makamo asiyependa hadithi ndefu, nikamwambia: "Mama, ninaomba avansi za huyu kaka zihakikiwe na mtu mwingine kuanzia safari ijayo, kwa sababu tumeanza kuwa na uhusiano." Aliuliza tu kama kuna hesabu yake iliyobaki mezani kwangu, nikampa faili moja iliyokuwa wazi, akampa mwenzangu aimalize. Ninapendekeza mazungumzo yawe mafupi namna hiyo: ombi moja linalohusu kazi, sababu yake, basi. Ikiwa mmoja wenu ndiye mkubwa wa mwenzake, kumbadilisha msimamizi ni sharti la kuanza, kwani anayesainiwa mshahara na likizo hawezi kusema "hapana" kwa uhuru, na Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu unyanyasaji wa kingono kuwa kosa zito linaloweza kuvunja kontra papo hapo.

Baada ya hapo wenzako wataanza kukutumia: "Mwambie kaka lori limekwama mpakani." Kataa kwa upole, mpe anayekutuma namba ya mhusika, kwa sababu ukishakuwa njia ya ujumbe mmoja, kila ujumbe utakaochelewa utakuwa wako.

Mazungumzo kuhusu kuachana ni bora yafanyike mapema, wakati bado mnapendana na kila mmoja anamtakia mwenzake mema. Sisi tulikubaliana kwamba siku hiyo ikifika, ofisini tutasema sentensi moja tu, "tumeachana, kazi inaendelea", na hakuna atakayeomba wenzetu wachague upande. Tulikubaliana pia kwamba hatutaingia katika likelemba moja ya wafanyakazi, kwa sababu anayekasirika huacha kuchanga na wasiohusika ndio hukosa zamu yao. Kwamba mkopo wowote kati yetu utaandikwa. Na kwamba hakuna atakayejua neno la siri la kompyuta ya mwenzake. Tulipoachana, miezi kadhaa baadaye, sentensi ile ilitutosha, na hesabu zake ziliendelea kupita kwenye meza nyingine bila mtu kushtuka. (Kumwona akicheka na wengine wakati wa mapumziko kuliniuma, na kwa hilo hakuna makubaliano yanayosaidia.)

Linabaki suala la kuondoka, ikiwa mmoja hawezi kuvumilia. Katika kontra isiyo na muda maalumu, sheria inamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na mfanyakazi anayeacha kazi mwenyewe hutoa nusu ya hizo. Aliyetumika miaka 4 angepewa siku 42, kwa hiyo yeye anadaiwa siku 21 za kazi, yaani takriban wiki nne za kuketi ofisi moja na mliyeachana. Omba likizo iliyobaki kabla ya kuandika barua, na ikiwa kontra yako ni ya muda maalumu, isome kwanza, maana kuivunja kabla ya mwisho wake kunaweza kukuletea deni la fidia.