Risasi iliyotoka uchochoroni

*Swali la wiki: Katika sinema za kauboi, mtu mmoja na bastola yake anamaliza uovu wa mji mzima barabarani, mchana kweupe. Je, hiyo ni haki?*

Tazameni mikono. Kwenye pambano la mwisho stelingi hatangulii kuchomoa bastola. Anasimama, kiganja kikiwa karibu na mkanda, anasubiri. Adui anachezesha vidole, anachomoa, na hapo ndipo stelingi anampita kwa kasi. Katika kibanda cha video mtaani kwetu tulikuwa tunaishangilia ile kasi, lakini ukiangalia vizuri, kazi kubwa imefanywa na ile subira. Kwa kuwa adui ametangulia, aliyeua anahesabiwa amejitetea, na haulizwi swali hata moja. Maiti inaondolewa, watu wanatoka majumbani, picha inakwisha.

Pambano la kweli lililo maarufu kuliko yote, lile la Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, halikuisha hivyo. Mji ule ulikuwa na sheria iliyokataza kubeba silaha mitaani, na Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alisema amekwenda kuwanyang'anya watu silaha. Akafuatana na ndugu zake wawili na rafiki yao Doc Holliday. Risasi zililia kwa kama nusu dakika, watu 3 wakafa. Kisha Jaji Wells Spicer akakaa karibu mwezi mzima akisikiliza mashahidi, na wakabishana juu ya jambo lile lile la mikono: nani alianza, na nani alikuwa ameinua mikono juu kujisalimisha? Mwishoni aliamua ushahidi hautoshi kuwapeleka akina Earp kwenye kesi. Sinema nyingi zimeipenda ile nusu dakika na kuuruka ule mwezi. Kwangu mimi, haki ilikuwa inatafutwa kwenye ule mwezi, kwa shida na kwa kubishana.

Sinema iliyonifungua macho ni The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962, ya John Ford, mtu aliyekuwa ametengeneza sinema za kauboi tangu zama za picha zisizo na sauti. Wakili kijana, Ransom Stoddard, anaporwa njiani na jambazi Liberty Valance, ambaye anavichana vitabu vyake vya sheria na kumpiga kwa mjeledi. Anafika mji wa Shinbone akiwa hana kitu, anaosha vyombo mgahawani, anafungua darasa la kusoma. Mwenye dhamana ya sheria pale mjini ni mwoga na mlafi. Mwishowe wakili anatoka usiku, bado amevaa aproni, bastola mkononi, na hajui kuitumia. Valance anamchezea. Anampiga risasi ya mkono, anamwacha aokote bastola kwa mkono wa kushoto. Inasikika milio, Valance anaanguka. Wakili anapata sifa, na kwa sifa hiyo anapendekezwa kwenda Washington kulitetea jimbo.

Baadaye Ford anaturudisha kwenye usiku ule ule, ila sasa kamera imesimama uchochoroni. Tom Doniphon, mfugaji ambaye ndiye mpiga bastola hodari wa pale, amejificha gizani. Mfanyakazi wake Mweusi, Pompey, anamrushia bunduki. Doniphon anafyatua wakati ule ule wakili anafyatua, na risasi iliyoua ni ya kwake. Hakumpa Valance nafasi ya kutangulia. Yeye mwenyewe anamwambia Stoddard kwamba yale yalikuwa mauaji ya makusudi, na kwamba anaweza kuishi nayo.

Hivyo ndivyo ninavyojibu. Ford ameiondoa ile kanuni ya mikono, na kilichobaki ni mtu aliyeuawa kwa kuviziwa. Mimi simlilii Valance. Angemuua wakili bila shaka. Linaloniuma ni kwamba jimbo zima lilijengwa juu ya habari isiyo ya kweli, na Stoddard alipokuja kuusimulia ukweli uzeeni, mhariri wa gazeti alizichana karatasi na kuzitupa jikoni ziungue.

Doniphon alikufa fukara, na mzika maiti alikuwa amemvua buti zake ndani ya jeneza. Lakini mimi humfikiria zaidi Pompey. Yeye ndiye aliyerusha bunduki. Darasani kwa Stoddard alisimama kukariri Azimio la Uhuru la Marekani, akasahau hasa pale pasemapo watu wote wameumbwa sawa. Na kwenye baa ya mji ule mhudumu alikataa kumuuzia kinywaji. Miaka mingi baadaye tunamkuta amekaa kando ya jeneza la Doniphon, nywele zimekuwa nyeupe. Stoddard, sasa ni seneta, anamtia pesa kidogo mkononi, kisha anakwenda kupanda treni.