Kuhariri vidio ya hitima: anza na sauti, picha zifuate

Nyinyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba vidio za maziko na hitima mtakazoletewa aghalabu hamkuzipiga wenyewe. Ni klipu za simu za wajukuu na majirani, na ombi la wenyewe huwa moja: "Tutengenezee kitu cha dakika kumi, tuwapelekee walio Maskati na Uingereza, hawakuwahi kuzika." Nitaeleza kwa hitima moja ya Wete, kwani ilikusanya karibu kila linalomtatiza mgeni wa kazi hii.

Klipu zililetwa kutoka simu tatu, zote zimepita WhatsApp, picha zimefifia na sauti imekwaruza. Usianze kazi na klipu za namna hiyo. Mwombe kila aliyepiga akutumie tena kwa kuchagua "Document", ili faili lije kama lilivyotoka kwenye simu. Halafu kuna jambo jengine: simu nyingi hazipigi idadi ileile ya picha kila sekunde, mwanga ukipungua, nayo hupunguza. Programu ya kuhariri ikidhani idadi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, kadiri klipu inavyokwenda mdomo na sauti vinaachana. Sheikh ameshafunga mdomo, dua bado inasikika. Basi kila klipu ndefu ipitishe hapa kwanza:

```
ffmpeg -i hitima.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k hitima_30.mp4
```

Baada ya hapo kazi yenyewe. Mgeni huanza kupanga picha nzuri, kisha anakata sauti ili itoshe chini yake. Kwenye harusi utasalimika. Kwenye hitima utakata Kurani katikati ya aya, na wazee watakaotazama wote wameihifadhi Yasin. Kwa hiyo zima picha, vaa spika za masikioni, weka msahafu mbele yako, upange sauti peke yake mpaka isikilizike tangu mwanzo hadi mwisho.

Yasin ina aya 83 na hazitoshi katika vidio ya dakika kumi. Watu hutaka kuokota aya moja hapa, moja kule. Mimi sipendi hivyo. Chukua kipande kimoja kilichotimia. Kwa ile ya Wete nilichukua kuanzia aya ya 77, "Awalam yaral insaanu", hadi mwisho wa sura. Hapo mna habari ya mtu kuumbwa kwa tone, na mifupa iliyooza kuhuishwa tena, na inamalizikia kwenye kurejea kwa Mola. Maana yote imo, na msikilizaji hahisi kwamba kuna kilichokatwa.

Kwa nini sikuanza aya moja nyuma? Angalia aya ya 76. Baada ya "falaa yahzunka qauluhum" msahafu umeweka alama ya mimu, yaani lazima usimame. Maneno yanayofuata, kwamba Sisi tunajua wanayoyaficha, ni ya Mwenyezi Mungu. Ukiyaunga na yaliyotangulia bila ya kituo, inasikika kama kwamba hayo ndiyo maneno ya makafiri. Msomaji wetu alisimama sawasawa, lakini mhariri anayebana nafasi tupu anaweza kukiondoa kituo kile kwa kubofya mara moja. Ndiyo maana nasema kile chombo cha kufuta ukimya chenyewe kwa chenyewe usikiguse kabisa katika kazi hizi. Aya ya 52 ndiyo ushahidi mkubwa zaidi: kwa kisomo cha Hafsi, baada ya "min marqadinaa" kuna sakta, kituo kifupi ambacho msomaji hata pumzi havuti. Kinatenga swali la waliofufuliwa na jawabu linalofuata. Kwa kompyuta ni ukimya tu. Kwa msomaji ni sehemu ya kisomo.

Kama hukusoma chuoni vya kutosha, mtafute aliyesoma. Mimi nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha jirani na kompyuta mkononi.

"Mwalimu, hapa naweza kukata?"

"Hapo hajamaliza huyo, mwanangu. Mwache avute pumzi."

Na kweli, kwenye mawimbi ya sauti ile pumzi inaonekana, kilima kidogo baada ya madda ya mwisho. Kata baada ya mwangwi wa neno kufa, kabla ya pumzi ya aya inayofuata. Mahali pa kuungia tia sekunde chache za sauti ya chumba kile kile, feni na watu wakijisogeza kwenye majamvi, maana ukimya wa kompyuta ukiingia ghafla sikio linashtuka.

Feni hiyohiyo ndiyo itakayokutia tamaa ya kusafisha sauti kupita kiasi. Ondoa mngurumo wa chini ya hezi 80 au 90, halafu kuwa mwoga. Chombo cha kuondoa kelele kikizidishwa hula kwanza herufi nyepesi: sini, thaa na haa zinakuwa kitu kimoja. Afadhali feni isikike kuliko herufi ipotee. Kasi ya kisomo nayo usiipunguze wala kuiongeza, hata kwa asilimia mbili.

Ule mvumo wa watu wanaogawana juzuu, kila mmoja na yake, unaweza kuufifisha polepole, lakini msikilize aliye karibu na simu. Yeye anasikika wazi, basi mfuate yeye katika kukata. Dua ni rahisi zaidi: subiri "amin" ya watu wote itulie. Muziki hapana. Familia nyengine huomba kasida. Iweke mwishoni, juu ya majina, isikutane na kisomo.

Picha sasa zinakuwa kazi nyepesi, kwa sababu zinafuata sauti iliyokwisha kupangwa. Palipo na kiungo cha sauti, funika kwa mkono unaofungua juzuu, chetezo kinachofuka udi, viatu vilivyojaa barazani. Sala ya maiti iache nzima: ni takbira nne za kusimama, haina rukuu wala sijida, na dakika zake ni chache. Uso wa maiti usiwepo, hata kama mtu kaupiga. Upande wa wanawake usiuguse bila ya idhini yao wenyewe. Ruhusa ya kaka haitoshi. Mtoto wa marehemu anayelia kaburini mwulize mwenyewe, maana klipu hiyo itazunguka kwenye makundi ya ukoo mzima. Uliza pia kuhusu talkini. Wapo wanaoisoma na wapo wanaoiona bidaa, wakati mwengine ndani ya nyumba moja, na wewe si mufti.

Tarehe ya Hijria usiitoe kwenye simu. Mwezi wa kalenda ya simu na mwezi ulioandama kwetu huweza kupishana siku moja, na familia inaijua siku waliyozika. Waandike wenyewe kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la marehemu, la baba na la babu, uliandike kwa herufi zao.

Kabla ya kutuma nje ya nyumba, mpelekee mkubwa wa ukoo peke yake na umpe siku mbili. Kule Wete ami yao alirudisha jambo moja tu: mtu mmoja kwenye safu ya mbele hakutaka kuonekana. Picha ya sekunde nne nikaibadilisha na ya majamvi, sauti sikuigusa. Klipu zote mbichi nikawarudishia kwenye flashi, na kwangu nikazifuta.