Kilo tatu katika kila tani

Swali la wiki: "Umeongezewa kazi na mambo yanakwenda vizuri, lakini mshahara uko palepale. Je, umwombe meneja akuangalie upya, au usubiri aone mwenyewe?"

Ndugu mhariri,

Aombe. Kwa hilo sina la kuongeza. Kinachonikera ni kile kinachoandikwa kwenye ombi lenyewe, maana huko ndiko watu wazuri wanakoangukia, na huku kwetu Mtwara wanaangukia palepale kila mwaka msimu wa korosho ukifungwa. Barua inaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata ada ya watoto, bei ya unga, miaka ya utumishi, kisha "naomba uniangalie kwa jicho la huruma". Meneja hana kifungu cha huruma kwenye bajeti yake. Ana kifungu cha mishahara, na akitaka kukigusa lazima aende kwa aliye juu yake na kitu cha kumwonyesha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: weka matokeo mbele, majukumu yafuate. Ila matokeo yenyewe yapimwe vizuri, na hapo nataka nikae kidogo.

Mtunza ghala mmoja wa hapa mkoani aliajiriwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mkataba ulimtaka apokee mzigo wa vyama vya msingi, asimamie mzani, apange malundo na aweke kumbukumbu. Baada ya misimu miwili aliandika ombi, na hoja yake kubwa ilikuwa moja. Msimu wa kwanza, kila tani iliyoingia ghalani ilitoka ikiwa na pungufu la kilo 23. Msimu wa pili pungufu lilikuwa kilo 11. Ghala lilipokea kama tani 3,000. Alizidisha kilo 12 kwa tani 3,000, akapata tani 36, akaandika kwamba ameokoa tani 36 za korosho.

Meneja alimrudishia barua siku ileile, ikiwa na karatasi mbili za vipimo vya unyevu zimebanwa juu yake. Hakuongeza neno.

Anayeijua korosho ameshaelewa. Korosho ghafi inaingia ghalani na maji ndani yake, na ikikaa inakauka. Upungufu huo ndio tunaouita unyaufu, na hauna mwizi. Hesabu yake ni nyepesi. Tani moja ikiingia na unyevu wa asilimia 9.8, ndani yake mna kilo 902 za kitu kikavu, na hizo hazibadiliki. Ikitoka na unyevu wa asilimia 8.2, kilo 902 zilezile sasa ni asilimia 91.8 ya mzigo, kwa hiyo mzani utasoma kilo 982 na ushee. Kilo 17.4 zimekwenda na hewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu wa kwanza. Msimu wa pili mzigo mwingi uliingia mapema, kabla mvua hazijashika, na kipimo cha wastani kilikuwa asilimia 8.9 unapoingia na 8.1 unapotoka. Fanya hesabu ileile: kilo 911 gawanya kwa 0.919, unyaufu ni kilo 8.7.

Sasa toa unyaufu kwenye pungufu lote. Msimu wa kwanza kilo 23 toa 17.4 zinabaki 5.6. Msimu wa pili kilo 11 toa 8.7 zinabaki 2.3. Hizo zilizobaki ndizo za kujibia: magunia yaliyochanika, korosho zilizomwagika wakati wa kupanga, mzani uliosoma vibaya, na mikono ya watu. Tofauti kati ya misimu ni kilo 3.3 kwa tani, yaani kama tani 10 kwa mzigo wa tani 3,000. Tani 26 alizozidisha zilikuwa ni kazi ya jua.

Kibaya ni kwamba tani 10 zingemtosha kabisa. Hata kilo moja ukiipa shilingi 3,000 tu, hiyo ni karibu milioni 30. Lakini mtu akishadai 36 na akaonyeshwa 10, hata hizo 10 zinatiliwa shaka, na ndivyo ilivyokuwa. Ombi likakaa mwaka mzima.

Kuna namna ya kuonyesha kwamba hesabu ya mabaki si ya kubuni. Unyaufu hupunguza lundo zima kwa kulingana. Ukitoa magunia 20 ya lundo moja ukayapima, na yote yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana, hapo ni maji. Ukikuta 17 yako sawa na matatu ni mepesi, fungua hayo matatu uangalie mshono, halafu uangalie nani alikuwa zamu. Mtunza ghala huyu alikuwa akifanya zoezi hilo kila wiki bila kuliandika popote. Lingekuwa kwenye daftari lenye tarehe na sahihi ya mlinzi aliyeshuhudia, meneja angekuwa na cha kubeba.

Aliandika tena mwaka uliofuata, na safari hii alisema jambo ambalo waombaji wengi hulificha. Alisema katika misimu hiyo miwili mzani ulihakikiwa upya na Wakala wa Vipimo, na kampuni ilinunua chaga mpya, hivyo magunia hayakukaa tena sakafuni. Akaandika kwamba sehemu ya tani 10 ni ya chaga na mzani, na sehemu ni ya utaratibu wake wa kupima magunia 20 kila wiki na kushona yaliyochanika kabla hayajapandishwa lundo. Hakujaribu kuzigawa, kwa sababu hazigawiki. Kila namba aliifungia nambari ya kitabu cha mapokezi na tarehe, bila kutoa nakala nje ya ofisi, kwa kuwa nyaraka zile ni mali ya mwajiri, na kuzibeba nyumbani ni kosa linaloweza kufuta ombi zima.

Na hapa, nikiwa naandika, naona msimamo wangu wa mwanzo unalegea. Barua ya pili ilikuwa safi, na bado siyo zile kilo zilizomsaidia. Meneja aliuliza swali moja la haki: "Msimu ujao mvua zikiwahi, mzigo ukaja umelowa, na pungufu likapanda, mshahara tutaushusha?" Matokeo ya ghala hupanda na kushuka na msimu. Mshahara wa msingi ukipanda haushuki. Mwajiri mwangalifu hawezi kufunga kisichoshuka kwenye kinachoshuka. Matokeo ya aina hiyo ni hoja nzuri ya bonasi ya msimu, na ni hoja dhaifu ya mshahara.

Kilichomsaidia kilikuwa aya fupi mwishoni, ambayo aliiweka kama nyongeza tu. Mkaguzi wa ubora alikuwa ameondoka na nafasi yake haikujazwa. Kwa miezi 14 mtunza ghala ndiye aliyekuwa akichukua sampuli, kukata korosho, kupima kokwa na kuandika matokeo ya ratili za kokwa kwa gunia la kilo 80. Ni hesabu inayoamua mzigo uende daraja lipi mnadani. Kazi hiyo haikuwa kwenye mkataba wake, na fomu zote zilikuwa na sahihi yake.

Hapo meneja hakuwa na pa kukwepea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na maelezo hayo yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Tusidanganyane, kifungu hakisemi mshahara lazima upande. Lakini kinalazimisha karatasi mpya iandikwe, na karatasi yenye kazi mbili ikiwekwa mezani, swali la malipo linakuja lenyewe. Ndiyo maana barua ya aina hii ianze kwa kuomba maelezo ya kazi yarekebishwe, na kiasi cha fedha kifuate baada ya hapo.

Kiasi chenyewe kitajwe. Huyu aliomba 800,000. Alijua kwamba nyongeza ya 200,000 haimfikii yote: akikatwa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya mapato, mkononi alikuwa akipata 516,000 na angepata 660,000, yaani 144,000 zaidi. Alijua pia kwamba kwa mwajiri ile 200,000 si 200,000, kuna mchango wake wa NSSF na tozo nyingine juu yake. Alilinganisha na kitu kimoja tu, mshahara wa mkaguzi aliyeondoka, ambao kampuni ilikuwa haiulipi tena. Ulinganisho huo una nguvu kuliko kusema ghala la jirani wanalipa kadha wa kadha, kwa sababu meneja anao kwenye vitabu vyake.

Kosa moja alilikwepa, na naomba wasomaji walikwepe. Alikuwa anadai saa za ziada za Novemba. Hakuzitia kwenye barua hii. Saa za ziada ni deni: mshahara wa msingi wa mwezi kwa saa 45 za wiki unagawanywa kwa 195, kwake ni kama shilingi 3,077 kwa saa, na saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu. Mapitio ya mshahara ni ombi. Ukivichanganya, deni lako linageuka kitu cha kujadiliana.

Alipewa 720,000 kama mshahara wa msingi na maelezo mapya ya kazi. Kwanza walimtaka akubali 720,000 hiyohiyo ikiwa 600,000 pamoja na posho ya 120,000. Akakataa kwa upole, kwa kuwa posho huondoka na jukumu, na saa za ziada huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi.

Kwa hiyo hukumu yangu si ile niliyoanza nayo: majukumu yatangulie, matokeo yafuate yakiwa yamesafishwa. Naisema kwa masharti. Jukumu liwe limedumu. Wiki tatu za kumshikia mtu likizo hazitoshi. Barua iingie kati ya Mei na Julai, wakati mizigo imetoka na bajeti ya msimu haijafungwa, kwa sababu barua ya Novemba, malori yakiwa yamepanga foleni getini, inasomeka kama kitisho hata kama haikukusudiwa hivyo. Na kwa aliyeajiriwa kwa msimu tu, haya yote hayamfai sana. Yeye kazi zake zote ziandikwe Septemba, kabla hajatia sahihi, pamoja na ile ya kukata korosho mkaguzi asipokuja.