Kikumbusho kimoja, meseji mbili: maswali yenu kuhusu kazi za foleni

Mteja amepokea kikumbusho kilekile mara mbili, lakini kwenye kumbukumbu za seva sioni kosa lolote. Meseji ya pili imetoka wapi?

Tafuta namba ya ile kazi kwenye kumbukumbu zako. Naamini utaikuta imechukuliwa mara mbili.

Foleni haifuti kazi pale mtendaji, yaani programu inayozichukua na kuzitekeleza, anapoipokea. Inaificha kwa muda, ikisubiri aseme amemaliza. Kwenye Amazon SQS muda huo, `VisibilityTimeout`, ni sekunde 30 usipoubadilisha. Sasa fuatilia kikumbusho cha miadi namba 4182. Mtendaji wa kwanza anakichukua na kumwita mtoa huduma wa meseji, ambaye leo ana msongamano na anajibu baada ya sekunde 41. Ilipofika sekunde ya 30, foleni ilidhani mtendaji amekufa, ikaifichua kazi, na mtendaji wa pili akaichukua. Wote wawili wakafanikiwa, ndiyo maana huoni kosa. Kwenye SQS sifa ya `ApproximateReceiveCount` itakuonyesha 2.

Ongeza muda wa kufichwa upite muda mrefu zaidi unaomsubiri mtoa huduma. Hiyo inapunguza tatizo tu, kwa sababu mtendaji anaweza kuzimika baada ya kutuma na kabla ya kusema amemaliza. Foleni ya aina hii inaahidi kukufikishia kazi angalau mara moja, si mara moja tu.

Basi nifanyeje ili kazi ikirudiwa isilete madhara?

Kipe kila kikumbusho utambulisho unaotokana na maana yake, usitokane na jaribio. Wengi hukosea hapa: wanatengeneza namba ya nasibu ndani ya mtendaji, na kila jaribio linapata namba mpya isiyozuia chochote. Utambulisho mzuri ni miadi, aina ya kikumbusho na muda wa miadi. Muda uwemo, ili miadi ikisogezwa mbele mteja apate kikumbusho kipya. Weka sharti la upekee kwenye safu hizo tatu, kisha kabla ya kutuma, kwenye PostgreSQL:

```sql
INSERT INTO vikumbusho (miadi_id, aina, muda_wa_miadi, hali)
VALUES (4182, 'saa24', '2025-03-14 09:00', 'inatumwa')
ON CONFLICT (miadi_id, aina, muda_wa_miadi) DO NOTHING;
```

Ukipata mstari 1 umeingia, tuma, kisha badilisha hali iwe `imetumwa`. Ukipata 0, mwingine ametangulia. Usikimbilie kuifuta kazi: soma hali kwanza. Ikiwa `imetumwa`, ifute. Ikiwa `inatumwa`, irudishe kwenye foleni isubiri kidogo, maana huenda aliyetangulia bado anaendelea.

Pagumu ni pale mstari unapokaa kwenye `inatumwa` kwa dakika kadhaa. Aliyetangulia alikufa, na hifadhidata yako haiwezi kujua kama meseji ilitoka. Mtoa huduma akipokea ufunguo wa kuzuia marudio, tumia ule utambulisho wako kama ufunguo na utume tena bila hofu. Akiwa ameshaipokea, hatatuma ya pili. Asipoupokea, lazima uchague upande wa kukosea. Kwa kikumbusho cha miadi mimi nachagua kutuma tena: meseji mbili zinakera, lakini mgonjwa asiyekumbushwa anaikosa zamu yake.

Nijaribu tena mara ngapi?

Hesabu muda badala ya mara. Anza na sekunde 30 na uzidishe kwa mbili: 30, 60, 120, 240, 480. Hapo umesubiri dakika 15 na nusu kwa jumla. Ongeza sekunde chache za nasibu kila mara, la sivyo kazi zote zilizoshindwa pamoja zitarudi pamoja na kumwelemea mtoa huduma anayejaribu kuinuka.

Jibu la 429 au 503 lijaribiwe tena. Namba ya simu iliyokosewa haitapona kwa kurudiwa. Ipeleke moja kwa moja kwenye foleni ya kazi zilizoshindikana, mtu aiangalie. Na kabla ya kila jaribio isome miadi upya: ikiwa imefutwa au saa yake imepita, acha.

Cron yangu huchagua kila dakika vikumbusho vya dakika hiyo. Seva ilizimika dakika 10, vya muda huo vikapotea. Nitavipataje?

Acha kuuliza "vya dakika hii". Uliza vyote ambavyo muda wake umefika na bado havijatumwa:

```sql
WHERE muda_wa_kutuma <= now() AND imetumwa_saa IS NULL
```

Seva ikiamka, mzunguko wa kwanza utavikusanya vyote. Baadhi vitaingia kwenye foleni mara mbili kabla havijatumwa, na lile sharti la upekee litavizuia.