Mkate uliokauka usitupe, ila usiuzamishe kwenye maziwa hovyo

Pudingi ya mkate ikitoka mbaya watu hulaumu oveni, mi naona mara nyingi shida inaanzia kwenye bakuli kabla hata hujawasha moto. Aidha maziwa yamezidi, au mkate haujapewa muda wa kunywa.

Kipimo changu ni hiki: nusu mkate wa gramu 400, maziwa nusu lita, mayai 3, sukari vijiko 5 vya mezani, iliki ya kusaga na chumvi kidogo sana. Kwa maziwa hayo mayai 2 yanakupa pudingi laini inayotaka kubomoka ukikata, 4 inaanza kunukia mayai kama kiwanda kizima, kwa hiyo 3 ndo penyewe. Maziwa yapashe tu mpaka yawe vuguvugu, sukari iyeyuke, afu ndo uyamwage polepole kwenye mayai huku unakoroga, yakiwa yamechemka mayai yanaiva hapohapo na utapata vibonge.

Sasa kuna kitu watu wanachanganya, mkate wa siku tatu ulokaa kwenye mfuko wa plastiki ni mkuukuu lakini bado una unyevu, huo hautakunywa vizuri. Ukate vipande, utandaze kwenye sinia usiku mmoja, au uweke oveni ya moto mdogo dakika 10 hivi mpaka ukauke juu. (Ukishaona ukungu hata sehemu moja, tupa wote, hapo hakuna cha kuokoa.)

Mkate ukishakauka umwagie ule mchanganyiko wa maziwa na mayai. Kuloweka nusu saa kunatosha kwa mkate wa kawaida wa vipande, ila ganda gumu ama boflo nene ipe saa nzima, na katikati uigandamize kwa mgongo wa kijiko ili vile vya juu navyo vizame. Usiangalie saa peke yake, chukua kipande kinene kipasue: ukiona katikati kuna weupe mkavu, subiri. Ukibonyeza pembeni unataka maziwa yapande kidogo tu, yakiwa yamejaa kama dimbwi ongeza kipande kimoja viwili vya mkate, la sivyo yatashuka chini na kuganda tabaka la mayai matupu.

Kuoka ni nyuzi 170, dakika 40 hadi 45, trei ikiwa ndani ya trei kubwa yenye maji ya moto. Kama huna oveni, weka bakuli la bati ndani ya sufuria yenye maji yafike nusu ya bakuli, funika bakuli kwa foili na sufuria kwa kifuniko, moto mdogo, kama dakika 50, juu haitakuwa na rangi lakini ndani ni ileile. Itoe wakati katikati bado inatikisika kidogo, itamalizia kuganda ikipoa. Ukiikata ukaona majimaji yanachuruzika na vitundu vitundu, basi moto ulikuwa mkali au imekaa sana, siyo kwamba haijaiva, kwa hiyo usiirudishe.